Mpangilio wa makato huamua anachopeleka mfanyakazi nyumbani

WAAJIRI wadogo wengi nchini, wawe ni wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, shule za chekechea au kliniki za mitaani, hawana idara ya uhasibu. Mishahara hukokotolewa na mwenye biashara mwenyewe ifikapo mwisho wa mwezi, aghalabu kwa lahajedwali aliyoachiwa na rafiki. Lahajedwali hiyo inatosha kabisa kwa watu sita au kumi, mradi makato yafuate mpangilio wa sheria na kila kiwango kiwe na tarehe yake.

Mpangilio ndio unaowakanganya wengi. Sheria ya kurekebisha sheria za ushuru ya 2024, iliyoanza kutekelezwa Desemba 27 mwaka huo, ilibadilisha hatua moja muhimu. Kabla yake, mchango wa bima ya afya na ushuru wa nyumba za bei nafuu haukupunguza kiasi cha mshahara kinachotozwa kodi ya mapato, yaani PAYE. Tangu siku hiyo, fedha hizo huondolewa kwanza, pamoja na mchango wa Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF), kisha kodi hutozwa kwenye kinachosalia.

Chukua mfano wa karani anayelipwa mshahara wa jumla wa Sh50,000 kwa mwezi wa Machi 2025. NSSF huchukua asilimia 6, yaani Sh3,000. Bima ya Afya ya Jamii (SHIF), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, huchukua asilimia 2.75 ambayo ni Sh1,375. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, nao ni Sh750. Jumla ya makato hayo matatu ni Sh5,125, na kwa hivyo kiasi kinachotozwa kodi ni Sh44,875.

Hapo ndipo ngazi za kodi zinapoingia, na ndipo penye dhana potovu iliyoenea. Wapo wafanyakazi wanaohofia nyongeza ya mshahara wakidhani kwamba wakifika ngazi ya asilimia 30, mshahara wao wote utatozwa asilimia 30. Sivyo. Kila ngazi hutoza fungu lake tu. Kwa viwango vilivyotumika mwezi huo, Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambayo ni Sh2,400. Sh8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, yaani Sh2,083.25. Sh12,542 zilizobaki hutozwa asilimia 30, nazo ni Sh3,762.60. Jumla ni Sh8,245.85. Kutoka hapo mfanyakazi hupunguziwa nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400 kwa mwezi, na kodi halisi inakuwa Sh5,845.85. Karani huyo ataenda nyumbani na Sh39,029.15.

Mwajiri anayetumia kikokotoo kinachotoa NSSF peke yake kabla ya kodi atatoza kodi kwenye Sh47,000. Karani atakatwa Sh637.50 zaidi kila mwezi. Hasara hiyo haionekani kwa urahisi, kwa maana hesabu yenyewe inajumlika vizuri na kila kato lina jina halali. Dalili yake ni moja: kiasi kinachotozwa kodi ukijumlisha na NSSF kinarudi kuwa mshahara wa jumla, ilhali kingepaswa kupungukiwa na bima na ushuru wa nyumba.

Katika lahajedwali, mshahara wa jumla ukiwekwa katika kisanduku B2, hesabu nzima ya mwezi huo inahitaji mistari sita:

```
B3: =MIN(B2,72000)*6%
B4: =MAX(300,B2*2.75%)
B5: =B2*1.5%
B6: =B2-B3-B4-B5
B7: =MAX(0,B6*10%+MAX(0,B6-24000)*15%+MAX(0,B6-32333)*5%-2400)
B8: =B6-B7
```

Mstari wa B7 unafupisha ngazi zile tatu. Badala ya kugawa mshahara mafungu, unatoza asilimia 10 kwa kila shilingi, kisha unaongeza asilimia 15 kwa zinazozidi 24,000 na asilimia 5 nyingine kwa zinazozidi 32,333. Jibu ni lile lile. Ngazi za asilimia 32.5 na 35 huanzia Sh500,000, na ni nadra kuzihitaji katika duka la mtaani, lakini anayemlipa mtu kiasi hicho sharti aziongeze. Vilevile B6 inahusu mfanyakazi asiye na mpango mwingine wa pensheni. Mwenye nao anaruhusiwa kupunguziwa jumla ya hadi Sh30,000 za michango ya uzeeni kwa mwezi.

Neno MAX lililotangulia katika B7 lina kazi yake. Mfagiaji anayelipwa Sh20,000 hukatwa NSSF Sh1,200, bima Sh550 na ushuru wa nyumba Sh300. Zinabaki Sh17,950, na kodi yake ya asilimia 10 ni Sh1,795, kiasi kilicho chini ya nafuu ya Sh2,400. Bila kizuizi hicho, lahajedwali itaandika kodi ya Sh605 zilizo chini ya sufuri, nayo B8 itamwongezea mfagiaji Sh605 ambazo serikali haimrudishii mwajiri. Nafuu hufuta kodi tu, haizai pesa.

Kosa la pili ni la tarehe. Kiwango cha juu cha mshahara unaokatwa NSSF kilikuwa Sh36,000 kuanzia Februari 2024, kikawa Sh72,000 Februari 2025, na kikapanda hadi Sh108,000 Februari 2026. Mwajiri aliyesahau kubadilisha kiwango hicho Februari 2025 aliendelea kumkata karani wa Sh50,000 Sh2,160 badala ya Sh3,000. Kwa kuwa mwajiri hulipa kiasi sawa na mfanyakazi, upungufu ulikuwa Sh1,680 kila mwezi kwa mtu mmoja. Ndiyo maana wahasibu makini hawaandiki 72000 ndani ya fomula hata kidogo. Huweka viwango katika jedwali la kando lenye safu ya tarehe ya kuanza, ili mshahara wa mwezi uliopita ukikokotolewa upya utumie viwango vya mwezi huo.

Mwajiri akumbuke pia kwamba karani huyo humgharimu zaidi ya Sh50,000. Anaongeza NSSF Sh3,000 na ushuru wa nyumba Sh750 kutoka mfukoni mwake, zikawa Sh53,750. SHIF haina sehemu ya mwajiri.

Kuhusu hati ya mshahara, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi taarifa ya maandishi wakati wa malipo au kabla, ikionyesha mshahara wa jumla na kila kato na sababu yake. Vibarua wa kutwa hawamo katika sharti hilo. Hati inayoandika "makato Sh10,970.85" bila kuyachambua haitoshi, na kwa kweli haimsaidii hata mwajiri akilalamikiwa. Hati nzuri huonyesha pia kiasi kinachotozwa kodi, kodi kabla ya nafuu, na nafuu yenyewe, ili karani aweze kurudia hesabu kwa kalamu.

Sheria hiyo hiyo hairuhusu jumla ya makato kupita theluthi mbili za mshahara. Kwa karani wa mfano huu, mikopo ya chama cha akiba na malipo ya mapema yakiongezwa, asibakiwe na chini ya Sh16,666.67. Lahajedwali inaweza kupaka kisanduku rangi nyekundu kiwango hicho kikikaribia, kabla mwajiri hajatia saini fomu nyingine ya mkopo.

Kodi yenyewe huwasilishwa kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kupitia fomu ya P10 katika mtandao wa iTax. Jumla ya safu ya kodi katika lahajedwali ilingane na jumla ya P10 hadi senti. Zikitofautiana kwa shilingi chache, mara nyingi ni kwa sababu kila kato lilikadiriwa kuwa shilingi kamili kabla ya kujumlishwa. Zikitofautiana kwa Sh2,400 kamili, kuna mfanyakazi mmoja ambaye nafuu yake imesahauliwa upande mmoja.