Salfa, Kichekesho na Bei ya Mnada

Tuchukulie kwamba mtu wa Newala, mwenye ukurasa wa Instagram wa habari za korosho, aliweka mambo mawili mwezi wa Juni, wakati ubwiriunga unapoanza kuyapaka maua ya mikorosho unga wake mweupe: la kwanza kichekesho cha dalali mwenye maneno mengi, na la pili maelezo ya kupulizia salfa ya unga alfajiri, umande ungali majanini ili unga upate kunata, kabla upepo haujaamka. Kichekesho, tuseme, kiliwafikia watu 8,000, kikatumwa mara 400 na kuhifadhiwa mara 16. Salfa ikawafikia 1,500 tu, ikatumwa mara 30 na kuhifadhiwa mara 120.

Mwenye pupa atahukumu kwamba kichekesho kimeshinda, lakini ajuaye hesabu hugawanya kila idadi kwa Accounts reached, yaani watu waliofikiwa, ndipo inapobainika kuwa katika kila watu 1,000 kichekesho kilihifadhiwa mara 2, ilhali salfa ilihifadhiwa mara 80. Atumaye humwambia mwenzake, "Hebu tazama". Abonyezaye alama ya kuhifadhi, ambayo mwenye ukurasa huonyeshwa idadi yake pasi na majina, huiambia nafsi yake kwamba atarudi.

Hata hivyo, kanuni hii ya kupima manufaa kwa kuhifadhiwa isifanywe sheria. Ifikapo Oktoba, minada ya MAMCU na TANECU inapoanza, bei iliyotangazwa leo hutumwa mfululizo kutoka Newala hadi kwa shemeji aliyeko Masasi, na aghalabu haihifadhiwi, kwani ni nani awekaye bei ya juma lililopita? Manufaa yake ni makubwa, ila umri wake ni mfupi. Hapo, maadamu idadi ya kutumwa yafanana na ile ya kichekesho, hapana budi kuyasoma maoni: chini ya mzaha watu hucheka, na chini ya bei huuliza ni ghala gani, na daraja la kwanza au la pili.

Pia wako waliofaidika wasiohesabiwa kabisa. Kilichohifadhiwa hukaa katika akaunti, wala si katika simu, hivyo mkulima ajuaye kuwa shambani mtandao ni wa kubahatisha huipiga picha skrini yake, na kitendo hicho hakiingii katika Saves wala Shares. Na wengine, nakiri kuwa mimi ni mmoja wao, huhifadhi kwa tamaa na wasirudi abadani.

Kwa hiyo mwenye ukurasa hungoja Juni ya pili, akaifungua tena ile salfa ya mwaka jana: ikiwa Views, yaani idadi ya kutazamwa, imepanda tena ilhali Accounts reached haijasogea ila kidogo, basi waliotazama ni walewale wa mwaka jana, na mifuko ya salfa imeshafunguliwa.