Upokezanaji wa Zamu katika Mazungumzo: Kudakiza kama Ukarimu au Utovu wa Adabu

Sacks, Schegloff na Jefferson (1974) walieleza kuwa katika mazungumzo, kwa kawaida, mtu mmoja husema kwa wakati mmoja. Hata hivyo, kusema kwa pamoja si lazima kuvunje mazungumzo. Mwaka 1978, Deborah Tannen alirekodi maongezi ya chakula cha Sikukuu ya Shukrani huko Berkeley, Kalifonia. Miongoni mwa watu sita waliokuwapo, watatu, akiwamo yeye, walikuwa wenyeji wa New York. Hao walidakizana kwa maswali ya haraka ili kuonesha kuwa wanafuatilia, na msemaji aliendelea bila kusita. Maswali hayohayo yalipoelekezwa kwa Wakalifonia wawili na Mwingereza mmoja, msemaji alisita au alinyamaza.

Kiini cha tofauti hiyo ni urefu wa kimya unaotarajiwa baina ya zamu. Anayengoja kimya kirefu hukuta zamu imekwisha kuchukuliwa, akajiona amekatizwa. Mwenzake hukidhani kimya hicho kuwa ni ukosefu wa la kusema, akakijaza. Kwa hiyo, mchambuzi hapaswi kuhesabu maneno yaliyopandana tu, bali achunguze alichofanya msemaji baada ya kudakizwa.