Mti wa Mita 86 Darasani

Mwanafunzi amesimama mita 50 kutoka kwenye shina la mnazi. Pembe mwinuko ya kilele ni 60°. Tafuta kimo cha mnazi.

Maswali ya namna hii hupita katika madaftari bila mtu kuyatilia shaka. Tanjenti ya 60° ni 1.732, ikizidishwa kwa 50, jibu ni mita 86.6. Hesabu haina kasoro, ila mnazi huo haupo duniani. Minazi mirefu hufika kama mita 30. Mti mrefu kuliko yote uliojulikana Afrika pale watafiti wakiongozwa na Andreas Hemp walipotangaza vipimo vyao mwaka 2016, ulioota katika bonde kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ulikuwa na mita 81.5.

Kasoro huingia pale mtunzi anapochagua umbali na pembe zinazopendeza, kisha akaliachia jibu liangukie popote. Mtunzi makini huanzia mwisho. Hujiuliza kwanza mnazi wa kawaida una kimo gani, tuseme mita 17 au 18, halafu humtafutia mpimaji mahali pa kusimama. Mita 22 zinafaa: futikamba ya mita 30 inatosha, na kilele kinaonekana bila kuvunja shingo. Macho ya mwanafunzi yako mita 1.5 juu ya ardhi, kwa hiyo pembe inakuja karibu na 36°. Hapo ndipo swali linapoandikwa, kwa pembe ya digrii kamili, kwa kuwa kipimapembe cha shule hakisomi zaidi ya hapo.

Jibu lake huenda hivi. Kimo kutoka usawa wa macho hadi kileleni ni 22 × tan 36°, yaani 22 × 0.7265, ambayo ni mita 15.98. Ikiongezwa 1.5 ya macho, mnazi una mita 17.5. Kuandika 17.483 ni kudai usahihi ambao kifaa hakina, kwani pembe ikisomwa 37° badala ya 36°, jibu linaruka hadi mita 18.1. Na swali liseme wazi kwamba mnazi umesimama wima juu ya ardhi tambarare. Kilele kikiwa kimeinama mita 2 kuelekea kwa mpimaji, umbali halisi chini yake ni mita 20, na kimo cha kweli ni mita 16 tu.

Kwa nini isiwe 45°, ambayo tanjenti yake ni 1 na hesabu inakuwa nyepesi? Sababu iko kwenye kifaa chenyewe. Wanafunzi wengi hupima kwa kipimapembe kilichofungwa uzi wenye kokoto. Ukingo ulionyooka ukielekezwa kileleni, uzi hauonyeshi pembe mwinuko. Huonyesha kilichobaki kufikia 90°. Kwa mnazi huu uzi utasimama kwenye 54°. Anayesahau kutoa ataandika 22 × 1.3764 na kupata mita 31.8 baada ya kuongeza macho, mnazi wa ajabu unaomshtua yeye mwenyewe. Kwenye 45° kosa hilo halionekani kabisa, kwa sababu kinachobaki nacho ni 45°.

Jengo lenye uzio linadai swali la pili, maana futikamba haifiki ukutani. Mpimaji husoma pembe mara mbili, huku akirudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Tuchukue ghorofa lenye sakafu saba, kila moja kama mita 3.3. Mahali pa kwanza pembe ni 46°. Baada ya kurudi nyuma mita 15 ni 31°. Kimo juu ya macho kikiitwa h, umbali wa kwanza ni h ÷ 1.0355, yaani 0.9657h, na wa pili ni h ÷ 0.6009, yaani 1.6642h. Tofauti yake, 0.6985h, ndizo zile mita 15. Hivyo h ni mita 21.5, na jengo lina mita 23.

Ni katika swali hili mtunzi anapoweza kumpotosha mwanafunzi bila kujua. Akiandika kwamba mpimaji alirudi nyuma mita 3 tu, pembe ya pili inakuwa karibu 42°, na kila kitu kinategemea tofauti ya digrii nne. Kwa 42° kamili jengo linatoka mita 22.2, kwa 43° linatoka mita 29.6. Digrii moja imeongeza sakafu mbili. Kwa mita 15 za mwanzo, digrii moja ya ziada, kutoka 31° hadi 32°, huongeza mita 2 tu hivi.