KILA NENO LA ELIMU NA MFANO WAKE

Vijana wetu wengi wajifunzao ualimu huihifadhi nadharia ya elimu kama watoto wahifadhivyo jedwali la hesabu. Siku ya mtihani wa cheti, maana huja ulimini, lakini wakipewa kisa cha darasani hawajui ni neno lipi limhusulo. Sisi twaona dawa yake ni hii: kila neno lifungwe kwa mfano mmoja wa darasani.

Tutwae maneno mawili ya Skinner, mtaalamu wa Marekani (1904–1990), yenye kuwapoteza wengi: uimarishaji hasi na adhabu. Wengi huandika kuwa uimarishaji hasi ni kumpiga mtoto. Hayo ni makosa, na neno «hasi» ndilo liwadanganyalo. Hasi hapa maana yake si ubaya, bali kuondoa; na kuimarisha ni kulifanya tendo lizidi.

Basi andika mfano. Darasa la tatu, hesabu za kugawanya, maswali kumi. Mwalimu asema kuwa atakayepata matano ya kwanza bila kosa atasamehewa matano yaliyobaki. Wiki ifuatayo watoto wafanya kwa uangalifu zaidi. Mzigo umeondolewa, na tendo limezidi: huo ni uimarishaji hasi.

Kisha badili jambo moja tu. Mtoto apiga kelele, anyimwa mchezo wa mapumziko, na kelele zapungua. Hapa pia kitu kimeondolewa, lakini tendo limepungua; kwa hiyo hii ni adhabu. Ndipo tujuapo kwamba maswali ni mawili: kitu kimetiwa au kimeondolewa? Tendo limezidi au limepungua?

Sasa jipime kwa kisa kigumu. Mvulana asiyependa hesabu afanya fujo, na mwalimu amtoa nje. Kesho afanya fujo zaidi, na kesho kutwa zaidi tena. Mwalimu adhani ameadhibu. La! Amemwondolea mtoto hesabu azichukiazo, na fujo zimezidi: ameimarisha fujo. Nia ya mwalimu haiamui jina la jambo. Liamualo ni lile litendekalo baadaye.

Kwa hiyo, mfano usiosema mtoto alifanya nini baadaye haujatimia. Ukisoma kwenye daftari lako «mwalimu alimsifu mwanafunzi» na hapo ukakoma, hujui bado kama sifa ile iliimarisha kitu.

Katika kudurusu, ikunje karatasi: upande mmoja neno, upande wa pili mfano. Soma mfano, ulitaje neno, useme na sababu. Ukikwama, kasoro ni ya mfano au ni ya fahamu yako, rudi kitabuni. Na kila neno lipe mfano wa pili wa somo jingine, usije ukadhani uimarishaji hasi ni jambo la hesabu peke yake.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya fahamu. Amin.