Unalipa Ploti ya Chama Ekalakala Mos Mos? Cheki Laini Yako kwa Rejista Kabla Uchomeke

Wasee wengi wananunua ploti kupitia ushirika wa nyumba, wanatuma doh kila mwezi, lakini hawajawahi kuona rejista. Hapo ndipo noma huanza. Chukua mfano wa ploti Ekalakala, huko Masinga, kaunti ya Machakos.

Anza na saizi. Ukiambiwa ni "50 kwa 100", hiyo ni futi za mraba 5,000. Moja ya nane ya eka ni 5,445. Kwa hivyo rejista ikisema "moja ya nane" na vigingi viko 50 kwa 100, umelipia futi 445 ambazo hazipo. Omba vipimo viandikwe kwa futi ama mita.

Sasa ganji. Tuseme ploti nambari 14 ni 240,000. Umeweka dipositi ya 60,000, zinabaki 180,000 za kulipwa 15,000 kwa miezi 12. Umeshalipa miezi saba, yaani 105,000. Ukijumlisha na dipositi umetoa 165,000, balansi ni 75,000. Lakini rejista inasema 90,000! Usianze vita. Tofauti ni 15,000 kamili, yaani awamu moja. Mara nyingi hapo ni nambari ya akaunti ya Paybill ilikosewa, ukaandika 41 badala ya 14. Cheki ploti 41: kama mwenyewe anaonekana amelipa 15,000 zaidi ya risiti zake, doh yako iko huko. Peleka meseji ya M-Pesa yenye kodi ya malipo, mweka hazina ahamishe na akuandikie risiti mpya. Kama haiko kwa laini ya mtu yeyote, basi aonyeshe taarifa ya benki ya siku hiyo. Pesa ikiwa benki na haiko kwa rejista, kosa ni la daftari. Ikikosa kote, uliza hiyo Paybill ni ya nani.

Kitu ya mwisho ndiyo wengi huruka: tarehe ya mkataba. Shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura 302, inataka ombi lipelekwe ndani ya miezi sita baada ya mkataba. Wewe unalipa miezi 12. Ukingoja umalize kulipa ndio muombe, muda umeshapita, na bila mahakama kuuongeza, mkataba ni bure. Sheria inakuruhusu kudai pesa zako kama deni, lakini ploti unaweza kuikosa.

Kwa hivyo rejista ikose safu ya tarehe ya mkataba na ya kibali, uliza mapema, kabla mwezi wa sita ufike. Risiti zote zinaweza kuwa sawa na bado ukose ploti.