Fedha Zimelipwa Mara Mbili: Mkurugenzi Aandikiwe Nini?

Jumatatu saa 3:15 asubuhi, msambazaji wa saruji anapiga simu kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Anasema fedha zake zimeingia mara mbili. Mhasibu mkuu anafungua akaunti ya benki na kukuta kwamba si yeye peke yake: wasambazaji wote 46 waliolipwa Ijumaa wamelipwa tena, na shilingi 83,400,000 zimetoka kimakosa. Kampuni hii ni ya mfano tu, lakini kosa la aina hii linaweza kuikuta ofisi yoyote inayolipa watu wengi kwa mkupuo kupitia mtandao wa benki.

Kabla ya jioni mkurugenzi lazima aarifiwe kwa barua pepe. Rasimu ya kwanza ya mhasibu mkuu inasomeka hivi:

"Ndugu Mkurugenzi, husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kukujulisha kuwa siku ya Ijumaa kulijitokeza changamoto ya kimtandao katika mfumo wa benki, iliyosababisha baadhi ya wasambazaji kulipwa zaidi ya mara moja. Timu imeshachukua hatua na wasambazaji wengi wameonesha ushirikiano mzuri. Karani aliyehusika ameonywa. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza na tunaahidi kuwa makini zaidi."

Barua hii ina adabu zote za ofisi, ila mkurugenzi akimaliza kuisoma atanyanyua simu. Atauliza ni shilingi ngapi, ni wasambazaji wangapi, zimerudi ngapi, na kama mishahara ya Jumatano italipika. Kila swali atakalouliza ni pengo ambalo barua ililiacha wazi. Tuipitie upya, pengo baada ya pengo.

Yaliyotokea

Neno la kwanza la kuondoa ni "baadhi". Waliolipwa mara mbili ni wote 46, na idadi hiyo inajulikana. "Wengi" nalo liondoke, mahali pake paje hesabu. Kufikia saa 10 alasiri ya Jumatatu, timu imewapata wasambazaji 31 kwa simu. Kati yao, 19 wameahidi kurejesha jumla ya sh 37,100,000 kabla ya Jumatano jioni, na 12 wamekubali sh 24,300,000 zikatwe kwenye ankara zao zijazo. Wengine 15, wenye sh 22,000,000, bado hawajapatikana.

Hapa ndipo barua nyingi za namna hii hupotosha bila kudanganya. Aliyeahidi kurejesha hajarejesha. Mpaka saa hiyo hakuna hata shilingi moja iliyoingia akauntini, na barua inapaswa kusema hivyo waziwazi. Kiongozi akisoma kwamba sh 61,400,000 "zimeshughulikiwa", atapanga matumizi kwa fedha ambazo hazipo.

Saa nazo ziangaliwe. Mtandao wa benki huandika 15:40, nasi husema saa 9:40 alasiri. Mtu akichanganya mitindo hiyo miwili katika barua moja, msomaji anaweza kudhani malipo ya pili yalikuja saa sita baadaye, kumbe zilipita dakika 12 tu. Uchaguliwe mtindo mmoja, na mara ya kwanza saa ya mfumo iwekwe kwenye mabano.

Madhara

Mtu anaweza kudhani kwamba madhara ni zile sh 83,400,000. Sivyo kabisa, kwa sababu sehemu kubwa yake huenda ikarudi. Madhara yanayomgusa mkurugenzi wiki hii ni kwamba akaunti imebaki na sh 61,000,000, wakati mishahara ya Jumatano ni sh 74,000,000. Zinapungua sh 13,000,000, na hazitapatikana kwa hakika kabla ya siku hiyo.

Jambo hili linahitaji uamuzi wake, basi lipande juu kabisa, hata kwenye mada ya barua. Mkurugenzi anayesoma kwenye simu akiwa safarini huenda asifike aya ya nne. Akiona mada na sentensi tatu za kwanza, awe tayari ameelewa ukubwa wa jambo na anachoombwa.

Chanzo

Rasimu ya kwanza ilitaja vyanzo viwili, mtandao na karani. Vyote vina chembe ya ukweli, ila hakuna hata kimoja kinachoeleza kosa lilivyopita.

Karani alipandisha faili la malipo saa 9:40. Ukurasa ukaganda bila kutoa jibu. Akasubiri, akaamini limeshindikana, akalihifadhi upya kwa jina jingine na kulipandisha tena saa 9:52. Lakini ukurasa ulioganda hauthibitishi kwamba ombi limekataliwa. Mara nyingi ombi huwa limefika, na kilichopotea njiani ni jibu lake. Njia ya kujua ni kufungua orodha ya malipo yaliyopokelewa na benki, na ofisi hii haikuwa na utaratibu unaomtaka karani afanye hivyo.

Kinga ya pili ilikuwa mfumo wa benki, ambao katika mfano wetu hukataa faili lenye jina lililokwisha kutumika. Jina jipya likapita. Kinga ya tatu ilikuwa mwidhinishaji, ambaye ni mhasibu mkuu mwenyewe, yaani mwandishi wa barua. Kwenye simu yake aliona mafungu mawili yenye watu 46 na jumla ileile, akayaidhinisha yote kwa tofauti ya dakika moja. Rasimu ya kwanza ilimtaja karani na kumficha mwidhinishaji. Mkurugenzi akija kuona kumbukumbu za benki, na ataziona, hatamwamini tena aliyeandika.

Kwamba macho mengi hayatoshi lilionekana Agosti 2020, Citibank ya Marekani ilipokusudia kuwalipa wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon riba ya dola milioni 7.8 hivi. Badala yake ziliondoka karibu dola milioni 900. Ili mtaji wa mkopo usitoke, visanduku vitatu vilipaswa kujazwa kwenye mfumo, na kilijazwa kimoja. Watu watatu walihusika kuandaa na kuidhinisha muamala ule, na wote waliamini uko sawa. Mahakama ya kwanza ilisema mwaka 2021 kwamba wakopeshaji waliogoma kurudisha wanaweza kubaki na fedha, na ilichukua hadi Septemba 2022 kwa mahakama ya rufaa kutengua uamuzi huo. Aliyeandika kwamba chanzo ni "kosa la kibinadamu" hajafika bado. Aulize kilichofanya kosa la mtu mmoja lipite kwa wote waliofuata.

Marekebisho

"Tutakuwa makini zaidi" si marekebisho, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kulikagua wiki ijayo. Marekebisho yana kitendo, mwenye jukumu, tarehe, na njia ya kujua kama yamefanya kazi. Tena yatenganishwe: hatua za kuzima moto leo zikae mbali na hatua za kuzuia kosa lisirudi, maana zikichanganywa zile za leo huzifunika za kesho.

Haya basi, barua iliyosahihishwa:

"Mada: Wasambazaji 46 wamelipwa mara mbili, sh 83.4 milioni. Naomba uamuzi kabla ya Jumanne saa 8 mchana

Ndugu Mkurugenzi,

Ijumaa tulilipa wasambazaji 46 mara mbili. Sh 83,400,000 zimetoka kimakosa. Akaunti imebaki na sh 61,000,000, na mishahara ya Jumatano ni sh 74,000,000. Naomba idhini ya kuhamisha sh 15,000,000 kutoka akaunti ya akiba kabla ya Jumanne saa 8 mchana, ili mishahara isichelewe na akaunti isikauke.

Yaliyotokea: Faili la malipo lilipandishwa Ijumaa saa 9:40 alasiri (15:40 kwenye mfumo) na tena saa 9:52. Mafungu yote mawili yaliidhinishwa. Tuligundua leo saa 3:15 asubuhi, msambazaji mmoja alipopiga simu.

Hali ilivyo saa 10 alasiri: Wasambazaji 19 wameahidi kurejesha sh 37,100,000 kabla ya Jumatano jioni. Wengine 12 wamekubali sh 24,300,000 zikatwe kwenye ankara zijazo. Hatujawapata 15, wenye sh 22,000,000. Hakuna fedha iliyokwisha kurudi.

Chanzo: Ukurasa wa benki uliganda, na hatuna utaratibu wa kuangalia orodha ya malipo yaliyopokelewa kabla ya kurudia. Faili la pili lilikuwa na jina jipya, hivyo mfumo haukulizuia. Mimi niliidhinisha mafungu yote mawili kwenye simu bila kulinganisha na hati za malipo.

Marekebisho: Kuanzia leo hakuna faili linalopandishwa tena kabla ya mimi kuona orodha ya benki. Kufikia Ijumaa, kila faili litabeba namba moja ya kudumu itokayo kwenye mfumo wa uhasibu, na mfumo utakataa kutoa faili jingine kwa hati iliyokwisha kulipwa. Msimamizi wa mfumo atalijaribu kwa kurudia faili la zamani, nami nitakuletea matokeo. Hatua hizi hazizuii ankara moja kuingizwa kwa namba mbili tofauti. Hilo tutalileta kwenye kikao cha mwisho wa mwezi.

Nitakuandikia tena kesho saa 4 asubuhi."

Karani hayumo katika barua. Hakufichwa, aliyoyafanya yameelezwa, na mkurugenzi akitaka jina ataliuliza. Suala la nidhamu lina njia yake na kikao chake. Likiingizwa katika taarifa ya tukio, mara ijayo karani mwingine ataona kosa Ijumaa jioni na kungoja Jumatatu, akitumaini litajirekebisha.

Radhi nazo hazimo, na wapo watakaoona huo ni utovu wa adabu. Sentensi moja fupi mwishoni haidhuru. Kinachodhuru ni radhi kuchukua mahali pa "mimi niliidhinisha".

Namba zilizomo zitabadilika. Ndiyo maana kila hesabu ina saa yake, na barua inataja lini nyingine itafuata. Kesho yake, mwandishi aseme zipi zimebadilika na kwa nini, asizifute kimyakimya. Na asingoje chanzo kijulikane chote ndipo aandike: kiasi, athari ya Jumatano na ombi la uamuzi vilijulikana mapema asubuhi, vingeweza kutangulia, na mahali pa chanzo pakaandikwa "tunachunguza, jibu saa 10 alasiri".

Ukiwa wewe ndiye wa kuandika barua ya namna hii, isome mara ya mwisho kwa macho ya anayeipokea. Swali lolote ambalo ungempigia mwandishi simu kumuuliza, lijibu humo kabla hujaituma.