Msitu Mmoja, Namba Mbili: Kupima Bioanuwai ya Mikoko

Msitu wa mikoko wa Ghuba ya Gazi, katika Kaunti ya Kwale, una mpangilio wake. Upande wa bahari husimama mililana, ambayo hustahimili kufikiwa na maji mara kwa mara. Nyuma yake hufuata mikoko yenyewe, ile yenye mizizi inayoteremka kutoka juu ya shina hadi matopeni. Ukizidi kupanda kuelekea bara unaingia kwenye mikandaa, na mwisho kabisa, mahali ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu na udongo una chumvi kali, unakuta michu mifupi. Mchu una ukaidi wake: huota pia kule mbele, karibu na bahari.

Anayetaka kuandika ripoti ya bioanuwai ya msitu kama huu hawezi kuhesabu kila mti. Anachukua sampuli, na mikanda hiyo ndiyo inayomwongoza pa kuichukua. Akitandaza kamba sambamba na ufuo, anaweza kutembea mita 200 ndani ya mkanda mmoja, akahesabu mikoko mitupu, kisha akaandika kwamba msitu una aina moja ya mti. Kwa hiyo mstari wa sampuli, yaani transekti, hukata mikanda yote: huanzia ukingo wa bahari na kwenda moja kwa moja hadi nchi kavu, ukiongozwa na dira. Pa kuanzia panachaguliwa kwa kura, maana mtu akijichagulia mwenyewe atapita penye njia nyepesi na kukwepa matope.

Juu ya mstari huo hupigwa miraba ya kuhesabia, yaani kwadrati. Kwa miti ya mikoko, mraba wa mita 10 kwa 10 ndio uliozoeleka. Kamba nne za mita 10 hazitoshi kukupa mraba, kwa sababu zinaweza kulala upande bila wewe kujua. Pima kutoka pembe hadi pembe inayoikabili: vipimo vyote viwili vikisoma mita 14 na sentimita 14, mraba umekaa sawa. Kazi hii hufanywa maji yakiwa yamekupwa, na ni bora siku za bamvua, yanapotoka mbali zaidi.

Kabla ya kuhesabu mti wa kwanza, kanuni tatu ziandikwe daftarini. Ya kwanza ni ya mti uliosimama juu ya kamba: chagua pande mbili za mraba ambazo mti wake utahesabiwa, na mbili ambazo hautahesabiwa, usibadilishe hadi mwisho. Ya pili ni ya mkoko, ambao mizizi yake inaweza kuingia ndani ya mraba huku shina likiwa nje. Kinachohesabiwa ni shina. Ya tatu ni ya ukubwa: mti ni ule wenye shina la kipenyo cha sentimita 2.5 au zaidi, likipimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kwa mkoko, kipimo huchukuliwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Miche huhesabiwa kwenye ukurasa wake.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mstari wa mita 200 una miraba mitano, na kila mraba umetoa miti 20. Namba hizi nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi, lakini zinafuata mpangilio wa mikanda. Mraba wa 1 una mililana 18 na mikoko 2. Wa 2 una mikoko 20. Wa 3 una mikoko 14 na mikandaa 6. Wa 4 una mikandaa 20. Wa 5 una mikandaa 2 na michu 18. Jumla ni miti 100: mikoko 36, mikandaa 28, mililana 18 na michu 18.

Fahirisi ya anuwai tutakayotumia ilipendekezwa na mwanatakwimu Mwingereza Edward Simpson mwaka 1949. Swali lake ni rahisi: ukichagua miti miwili kwa kura, uwezekano wa kuwa ya aina moja ni kiasi gani?

D = Σn(n−1) / N(N−1)

Hapa n ni idadi ya miti ya kila aina, na N ni jumla ya miti yote. Kwa mkoko tunapata 36 × 35 = 1260. Mkandaa unatoa 28 × 27 = 756. Mlilana na mchu, kila mmoja 18 × 17 = 306. Jumla ni 2628. Tukigawa kwa 100 × 99, yaani 9900, D ni 0.27. Kwa kuwa D hupanda anuwai inaposhuka, wengi huripoti 1 − D, ambayo hapa ni 0.73. Wengine huripoti 1/D, inayotoa 3.77 kwa miti ileile. Ripoti isiyotaja ni ipi kati ya hizo haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote.

Rudia hesabu ya 1 − D mraba kwa mraba. Wa kwanza unatoa 0.19, wa pili 0, wa tatu 0.44, wa nne 0 na wa tano 0.19. Wastani wake ni 0.16. Miti ni ileile, msitu ni uleule, lakini tuna 0.73 na 0.16, na zote mbili ni sahihi. Ya pili inasema kwamba ukisimama mahali popote msituni, majirani wengi wa mti ni wa aina yake. Ya kwanza inasema kwamba ukivuka msitu mzima utakutana na aina nne zilizogawana nafasi karibu sawa. Pengo kati yake ndilo mikanda yenyewe ikionekana katika hesabu. Ndiyo maana ripoti nzuri hutoa zote mbili.

Miche nayo inaweza kupotosha kila kitu. Tuseme ule mraba wa nne una miche 400 ya mkandaa, na mtu ameichanganya na miti. Fahirisi ya msitu mzima huanguka kutoka 0.73 hadi 0.26, ingawa hakuna mti hata mmoja uliopotea. Namba ikishuka ghafla namna hiyo, angalia kwanza ukurasa wa miche.

Miraba mitano ni mita za mraba 500 tu. Aina adimu kama mkomafi au msikundazi zinaweza kukosekana kabisa. Njia ya kujua ni kuandika, baada ya kila mraba, umefikisha aina ngapi. Idadi ikiwa bado inaongezeka kwenye mraba wa mwisho, sampuli haijatosha, na panahitajika mistari mingine.

Hata sampuli ikitosha, fahirisi haijui kilichotokea msituni. Mkoko hukatwa kwa ajili ya boriti za kujengea. Tuseme nusu ya mikoko yetu 36 imekatwa, imebaki 18. Sasa aina nne zinakaribiana zaidi kwa idadi, na 1 − D inapanda kutoka 0.73 hadi 0.75. Msomaji wa namba hiyo pekee atadhani msitu umenawiri. Lakini miti imeshuka kutoka 2000 kwa hekta hadi 1640. Kwa hiyo jedwali la idadi ya kila aina katika kila mraba, pamoja na eneo lililopimwa, liwekwe ndani ya ripoti yenyewe, juu ya fahirisi, ili anayeisoma aone ni mti gani uliopungua na umepungua wapi.